Ombi la kazi ya ziada Jumamosi na Jumapili, tarehe 10 na 11 Januari

KWA: Wafanyakazi wote wa karakana ya kushona, Moshi
KUTOKA: Meneja wa uzalishaji
TAREHE: Jumatano, 7 Januari 2026
YAH: Ombi la saa za ziada ili kumaliza sare za shule

Ndugu zangu,

Heri ya mwaka mpya tena, hasa kwa mliorudi jana kutoka kijijini na bado hatujasalimiana vizuri. Naandika barua hii badala ya kutangaza kwa mdomo asubuhi kwa sababu nataka kila mmoja aisome kwa utulivu, aende nayo nyumbani, aizungumze na watu wake, ndipo anijibu.

Nawaomba msaada wa siku mbili, Jumamosi alasiri na Jumapili mchana. Hili ni ombi, si amri. Atakayesema hapana hatahojiwa, na hakuna mahali jibu lake litakapoandikwa dhidi yake.

Hali ilivyo ni hii. Oda ya sare za ile shule ya bweni ni vipande 1,800, mashati, sketi na kaptula kwa pamoja. Hadi jana jioni vilivyokamilika, vyenye vifungo na vilivyopigwa pasi, vilikuwa 1,210. Vimebaki 590. Lori la shule linakuja kuchukua mzigo Jumatatu saa 4 asubuhi, maana watoto wanaripoti bwenini siku inayofuata. Hiyo ndiyo sababu siku haisogei. Mtoto wa kidato cha kwanza akifika bila sare, siku yake ya kwanza atasimama peke yake mstarini na nguo za nyumbani, na wengi wetu hapa tunajua kusimama hivyo kukoje.

Mna haki ya kujua tumefikaje hapa, kwa kuwa hakuna kati yenu aliyezembea. Majora ya kitambaa cha sketi yalichelewa siku tisa, na yalipofika matatu yalikuwa na rangi isiyolingana, tukayarudisha. Hilo halikuwa mikononi mwetu. Lakini baada ya mwaka mpya shule iliomba sketi 120 za nyongeza, nami nikakubali kwenye simu bila kuja kwanza kuwauliza ninyi mnaoshona. Kosa hilo ni langu, nalisema wazi, na nawaomba radhi. Kuanzia sasa oda ikiongezwa katikati ya kazi, nitazungumza kwanza na fundi mkuu na mwakilishi wenu kabla sijampa mteja jibu.

Nimepiga hesabu mara tatu ili nisiwaombe saa ambazo hazihitajiki. Kwa mwendo wetu wa kawaida tunatoa vipande kama 130 kwa siku. Leo, kesho na Ijumaa ni 390. Jumamosi asubuhi, ambayo ni zamu yetu ya kila wiki, tutatoa kama 80. Hapo vinabaki 120 ambavyo havina siku. Kwa saa tisa za ziada, washonaji kumi na wawili kati ya kumi na wanne wakikubali, tunamaliza bila kukimbizana. Kukimbizana sikutaki. Mshono uliokimbizwa unafumuka kwenye kwapa wiki ya pili, na shati linarudi hapa.

Muda niliopanga ni huu. Jumamosi tunaingia saa 2 asubuhi kama kawaida na zamu ya kawaida inaisha saa 7 mchana. Kisha ni saa nzima ya chakula. Saa za ziada zinaanza saa 8 mchana na kuisha saa 12 jioni. Jumapili tunaanza saa 7 mchana na kumaliza saa 12 jioni. Sikuweka asubuhi ya Jumapili kwa makusudi, ili anayekwenda ibada ya kwanza au misa aende, arudi nyumbani, abadilishe nguo na ale na watoto wake kabla ya kuja. Wenzetu Wasabato hawamo katika zamu ya Jumamosi, kama ilivyo siku zote. Anayependa kusaidia aje Jumapili saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Fundi mkuu atafungua mlango. Wanaoswali, muda wa alasiri mashine zenu zitasubiri na saa zenu hazikatwi.

Dada zetu wa vifungo na pasi, najua kazi hufika kwenu mwisho, na mara nyingi wengine wakishavaa viatu ninyi ndiyo kwanza mko katikati ya rundo. Kwa hiyo Jumapili ninyi mtaanza saa 8 mchana na kumaliza saa 1 usiku. Saa ni tano zilezile kama za washonaji. Kwa kuwa giza litakuwa limeingia, Noah ya ofisi itawafikisha hadi mlangoni, Pasua, Majengo, Njoro na hata Kiboriloni. Wanaokaa Uru na Kibosho niambieni mapema ili niongeze gari la pili. Sitaki mtu asimame stendi usiku akitafuta gari la kupanda mlimani.

Wakataji wawili, kazi yenu inaisha Ijumaa. Pumzikeni, mmeshafanya sehemu yenu. Vijana wa VETA walio kwenye mafunzo kwa vitendo hawahusiki na ombi hili. Anayenyonyesha akipenda kuja atapata muda wake wa kunyonyesha uleule wa siku zote, na aliye mjamzito nisingependa aje Jumapili ya pasi, kwa ule mvuke na kusimama.

Sasa malipo, kwa sababu najua mwaka jana saa za ziada za mwezi kama huu zililipwa kwa kuchelewa, na wengine waliniambia baadaye kwamba walilazimika kukopa ada. Safari hii nimezungumza na mhasibu kabla sijaandika barua. Saa za Jumamosi alasiri zinalipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, na saa za Jumapili, kwa kuwa ni siku ya mapumziko ya wiki, zinalipwa maradufu. Ndivyo inavyotaka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hivyo hakuna anayefanyiwa hisani hapa. Kwa mfano, mwenye mshahara wa shilingi 292,500 kwa mwezi, saa yake moja ni shilingi 1,500. Saa nne za Jumamosi ni shilingi 9,000, tano za Jumapili ni 15,000, jumla 24,000 kabla ya makato ya kawaida. Kila mmoja atapata karatasi yenye hesabu yake mwenyewe Jumanne ya wiki inayofuata, ili kama kuna saa imepotea tuisahihishe. Hela itaingia kwenye simu zenu Ijumaa tarehe 16 Januari, peke yake, bila kungoja mshahara wa mwisho wa mwezi.

Umeme ukikatika, jenereta ina dizeli ya kutosha siku zote mbili. Hata ikisumbua, muda mtakaokaa mkisubiri unahesabiwa kama muda wa kazi. Na ikitokea vipande vimeisha saa 10 Jumapili, mtakwenda nyumbani saa 10 na mtalipwa hadi saa 12.

Chakula kipo. Jumamosi mchana mama wa jikoni atapika machalari, na saa 10 jioni kuna chai na maandazi. Jumapili kwa kuwa mtakuwa mmeshakula nyumbani, tutaweka chai ya maziwa, chapati na mayai saa 9 na nusu. Asiyekula nyama amwambie mama wa jikoni kufikia Ijumaa.

Saa 12 jioni ninayoitaja ni saa 12 kweli. Mwaka jana tulisema saa 12 tukafika saa 4 usiku, kila mtu akiona aibu kuwa wa kwanza kuinuka. Jumamosi hii nitazima swichi kubwa mwenyewe, na kilichobaki kwenye mashine kitabaki pale hadi kesho yake. Ikifika Jumapili saa 9 nikaona hatutamaliza, nitampigia mkuu wa shule na kumwomba tupeleke vipande vilivyobaki Jumatano kwa gari letu. Simu hiyo ni kazi yangu. Msijitwike.

Jumatatu tarehe 12 ni sikukuu ya Mapinduzi na karakana imefungwa. Nitakuwepo mimi na mtunza stoo tu kukabidhi mzigo; nimemwomba jana, amekubali, naye analipwa maradufu kwa saa hizo. Ninyi wengine tutaonana Jumanne saa 2 asubuhi. Kwa hiyo toka Jumapili jioni mna usiku, mchana mzima na usiku mwingine wa kupumzika.

Jibu lenu nalihitaji kesho, Alhamisi, kabla ya saa 10 jioni. Karatasi ya majina iko kwenye meza ya fundi mkuu. Andika jina na siku unayoweza: Jumamosi, Jumapili au zote mbili. Siku moja pia ni msaada mkubwa. Asiyeweza asiandike kitu, na asijisumbue kuja kunieleza sababu. Ana mgonjwa, ana shughuli, ana msiba, au amechoka tu baada ya safari za Krismasi, yote hayo ni mambo ya haki. Mwenye swali la faragha, ofisi yangu iko wazi kesho kuanzia saa 7 hadi saa 8 mchana.

Nimewaona wiki hii. Nimewaona wakataji Jumatatu wakitandika jora jipya bila kusubiri kuambiwa. Nimemwona dada wa ovaloki akimfundisha kijana wa VETA kugeuza kona ya kola huku rundo lake mwenyewe likimsubiri. Na yule mzee wetu wa mashine ya tatu, aliyefumua sketi sita kwa sababu marinda yalipishana kwa upana wa kidole, wakati hakuna mkaguzi ambaye angeona. Shule hii imeturudia mwaka wa nne kwa sababu ya mikono kama hiyo. Nawashukuru sana, wanaokuja na wasiokuja.

Aika sana.

Mama Elia
Meneja wa uzalishaji

Nakala: Fundi mkuu, mwakilishi wa wafanyakazi, mhasibu, ubao wa matangazo mlangoni