Mbuzi lazima arudi

Marahaba, mpwa wangu. Picha ya daftari imefika. Kidole chako kimeziba mstari wa mwisho wa swali, ila mchoro unaonekana vizuri: mtu aliyejifunga mgolole, mtumbwi mmoja, chui, mbuzi na mzigo wa majani, wote upande wa mto wenye mbuyu, na swali ni wavuke wote ng'ambo kwa safari chache iwezekanavyo. Kwa penseli, pembeni, mwenzako ameandika "mara 5". Wewe umepata 7, na mwalimu amekuuliza umejuaje kwamba haipungui. Swali zuri sana hilo, maana kupata njia ni kitu kimoja, na kuthibitisha kwamba hakuna fupi kuliko hiyo ni kitu kingine.

Kwanza masharti, tusije tukabishana juu ya maneno yaliyofichwa na kidole. Mtu peke yake ndiye anayepiga kasia. Mtumbwi unambeba yeye na kitu kimoja tu, au yeye bila kitu. Asipokuwepo, chui humla mbuzi, na mbuzi hula majani. Chui na majani hawana ugomvi. Kuvuka mara moja, kwenda au kurudi, ni safari moja. Na tuseme mvua imenyesha, kwa sababu mto Bubu wa kiangazi huko Bahi ni mchanga mtupu na angevuka na vyote kwa miguu.

Sasa fuata njia ya mwenzako: mbuzi, rudi, chui, rudi, majani. Safari 5 kweli. Lakini tazama ile ya nne: mtu anarudi mtupu, nyuma yake chui na mbuzi wamebaki wawili. Mbuzi ameliwa.

Je, kuna njia nyingine ya 5? Vitu ni vitatu, na kila kwenda hupeleka kimoja, hivyo lazima aende angalau mara 3. Kati ya kwenda na kwenda kuna kurudi, mara 2. Jumla 5, na haiwezi kushuka chini ya hapo. Ili ziwe 5 kamili, kila kurudi lazima awe mtupu. Wa kwanza kuvuka ni mbuzi, hakuna hiari: akichukua chui, mbuzi anabaki na majani, akichukua majani, mbuzi anabaki na chui. Wa pili ni chui au majani, na mtu akirudi mtupu, mbuzi anabaki ama na adui yake ama na chakula chake. Kwa hiyo 5 haiwezekani. Na 6 pia haiwezekani, kwa kuwa baada ya safari ya shufwa mtumbwi uko upande wa mbuyu. Inabaki 7.

Ukitaka kumwonyesha mwalimu bila kuacha mwanya, tafuta hali zote, yaani nani yuko upande upi. Andika walio upande wa mbuyu tu. Wengine wako ng'ambo. M ni mtu, C chui, B mbuzi, J majani. Kila mmoja ana pande mbili, hivyo hali ni 2 × 2 × 2 × 2 = 16. Sita si salama: ni zile ambazo mbuzi yuko na chui au na majani bila mtu. Zinabaki 10. Anza na MCBJ, na kila safari andika hali mpya tu, yaani salama na haijaonekana juu:

```
0: MCBJ
1: CJ
2: MCJ
3: J    C
4: MBJ  MCB
5: B
6: MB
7: (hakuna aliyebaki)
```

Hesabu: zimetimia zote 10. Mstari wa 3 njia inagawanyika, kwa sababu baada ya mbuzi unaweza kupeleka chui au majani. Mstari wa 5 zinakutana tena. Hali ya mwisho haitokei popote kabla ya mstari wa 7, na hakuna hali salama iliyorukwa.

Angalia mstari wa 4 kwa makini, hapo ndipo watu wengi hukwama. Kurudi na mbuzi kunaonekana kama hasara, kwa kuwa amekwisha kuvushwa. Lakini kutoka J, ukirudi mtupu chui anamla mbuzi. Ukirudi na chui umerudi MCJ ya mstari wa 2. Kilichobaki ni mbuzi peke yake. Kutoka C ni vivyo hivyo, majani yakishika nafasi ya chui.

Basi andika jibu hivi: vusha mbuzi, rudi mtupu, vusha chui, rudi na mbuzi, vusha majani, rudi mtupu, vusha mbuzi. Chini yake andika la pili, majani yakitangulia chui, kwani majibu ya safari 7 ni hayo mawili tu. Na mwenzako umwoneshe safari yake ya nne kwa vifuniko vya soda mezani, aione mwenyewe.