Mahindi yako yasirudishwe mpakani: mshauri wa ghala za nafaka, Dodoma, Kongwa na Kiteto

Gari la tani 30 ukilinunua likiwa na unyevu wa asilimia 16, kisha ukalianika hadi 13.5, mzani utasoma kilo 29,133. Kilo 867 zimekwenda na maji. Kwa bei ya shilingi 700 kwa kilo, hizo ni shilingi 606,900 ulizomlipa mkulima kwa maji. Na hapo hakuna aliyekuibia, wala dumuzi hajagusa punje.

Nafanya kazi na wanunuzi wa mahindi, wasagishaji na AMCOS wanaohifadhi kati ya tani 50 na 1,000 kwa msimu. Lengo ni mzigo utoke ghalani ukiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo (aina ya B1 isizidi 5), ambavyo ndivyo viwango vya mahindi vya Afrika Mashariki. Tangu Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa siku kadhaa kisha ikayaruhusu kwa masharti, cheti cha sumukuvu si jambo la kukumbuka ukiwa umeshafika Namanga.

Kazi ninazochukua

Ukaguzi wa ghala, siku moja, shilingi 350,000. Napima unyevu wa mzigo uliomo, naangalia paa, sakafu, palati na nafasi kati ya lundo na ukuta (chini ya mita moja huwezi kukagua wala kufunika vizuri). Ndani ya siku 3 unapata ripoti ya kurasa zisizozidi 4, yenye marekebisho yaliyopangwa kwa gharama: lipi lifanyike wiki hii, lipi lisubiri.

Usimamizi wa ununuzi, shilingi 8,000 kwa tani, kuanzia tani 50. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo hapa ndipo ninapokaza. Sampuli ya gunia moja lililo karibu na mlango haisemi lolote, kwa sababu sumukuvu haienei sawasawa: magunia machache yanaweza kubeba sumu ya mzigo mzima. Gari la magunia 300 natoboa kwa bambo magunia yasiyopungua 18, yaliyochaguliwa bila mpangilio, juu, kati na chini. Sampuli zinachanganywa, zinagawanywa, moja inakwenda maabara na moja inafungwa na kubaki kwako iwapo muuzaji atabisha. Mtu wako wa mapokezi anafundishwa kutumia kipima unyevu na jedwali la makato, ili bei ishuke kulingana na maji badala ya mabishano.

Usimamizi wa ufukizaji, shilingi 250,000 kwa lundo. Vidonge vya fosfini anaweka mfukizaji mwenye kibali. Mimi nahesabu dozi naye, nakagua turubai na mifuko ya mchanga inayolibana chini, na nahakikisha lundo halifunuliwi kabla ya siku 7. Ufukizaji mwingi unashindwa kwa tundu la turubai au haraka ya kufunua: wadudu wakubwa wanakufa, mayai yanabaki, na baada ya wiki chache unga unaonekana tena chini ya magunia. Ghala lenye watu wanaolala ndani au ukuta mmoja na nyumba ya kuishi sitalisimamia, kwa bei yoyote.

Masharti

Nusu ya malipo kabla ya kuanza, nusu siku ya ripoti au tani ya mwisho. Gharama ya maabara unailipa wewe moja kwa moja, na majibu yanakuja kwako. Nauli imo ndani ya bei kwa Dodoma Mjini na Kongwa. Kiteto na kwingine tunakubaliana kabla. Sipokei kamisheni ya dalali, muuza dawa wala mwenye ghala, na sibadilishi majibu ya kipimo.

Sipokei ajira wala nafasi ya mtunza ghala. Kila kazi ina mwanzo, mwisho na bei iliyoandikwa. Ukihitaji mtu wa kukaa ghalani mwaka mzima, naweza kumfundisha uliyenaye kwa siku 2, shilingi 400,000, hadi watu 5.

Mwenye tani 20 ni afadhali atumie pesa hiyo kununua mifuko isiyopitisha hewa, akaushe vizuri na kuifunga sawasawa. Hanihitaji.

Kuanza

Niandikie ujumbe hapa ukitaja ghala lilipo, tani ulizonazo au unazotarajia, mnunuzi wako ni nani (msagishaji wa ndani, serikali au mpakani) na tarehe ya kupakia. Picha ya lundo na ya paa kwa ndani zinasaidia sana. Nakujibu ndani ya siku moja ya kazi kwa bei kamili na tarehe. Juni hadi Agosti nachukua ghala 6 tu, na anayelipa nusu ya kwanza ndiye anayepewa tarehe.