Ganda Lenye Miiba

Rukia alikuwa akiufuata mpira vichakani, juu kidogo ya ufukwe wa Jambiani, gauni lake liliponaswa. Kila akijivuta, miiba inazidi kung'ang'ania, maana mingi imepinda kama ndoana. Alipojinasua, upindo ulikuwa umeshachanika, na mbele ya uso wake linaning'inia ganda la rangi ya kahawia, limejaa miiba myembamba mwili mzima. Limepasuka. Ndani mna vitu viwili vya kijivu, vya mviringo, vinang'aa.

Simu ya mama alikuwa nayo. Picha ya kwanza ilitoka na kidole. Ya pili ikakubali.

Bibi yake alikuwa barazani, anasuka ukili.

"Shikamoo bibi. Hiki kitu gani?"

"Marahaba." Bibi aliishika simu, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. "Umenipigia picha nungunungu?"

"Tunda, bibi! Au sijui ganda."

"Kubwa kiasi gani? Humu ndani hata fenesi linaweza kuwa hivi."

Rukia akafunua kiganja. Bibi akatazama kiganja, halafu akautazama upindo wa gauni.

"Kichaka kilikushika?"

"Kilinishika hasa."

"Basi huo mkomwe. Haumwachii mtu hivi hivi. Na hizo za ndani ndizo komwe."

"Komwe? Hizi kete wanazochezea bao kina babu pale msikitini?"

"Ulidhani wananunua dukani?"

Kusema kweli, Rukia alidhani ni vijiwe. Siku zote alikuwa akipita pale akiwasikia wakipiga kelele, mikono inatawanya kete haraka haraka, hata siku moja hakuchungulia.

"Umeziokota?"

"Nimepiga picha tu."

"Picha haichezeki. Nipe kanga yangu."

Wakaenda. Bibi aliyashusha maganda kwa fimbo, akayaponda kwa jiwe. Waliporudi barazani akachukua komwe moja, akaisugua kwenye saruji kwa nguvu, mara akamgusisha Rukia mkononi.

"Ayaa! Ya moto!"

"Ndivyo tulivyokuwa tukichomana chuoni, mwalimu akigeuka." Bibi alicheka mpaka ukili ukamdondoka mapajani.

Kisha akaingia ndani, akatoka na ubao wa bao wa marehemu mumewe, vumbi limejaa mashimoni. Kete zinatakiwa 64, lakini nyingine zilipotea zamani na badala yake mlikuwa na vijiwe vya pwani. Bibi akavitupa uani kimoja kimoja, akaweka komwe mpya, akahesabu mpaka zikatimia.

"Haya, panga. Sita kwenye nyumba, mbili hapa, mbili hapo. Zako 22 zibaki mkononi."

"Kwani bibi unajua kucheza?"

"Unadhani babu yako alikuwa akifungwa na nani?"