Kupiga picha Fomu 34A: kwa wale mnaozunguka vituo vya Changamwe

Wazee na madada, mambo. Hii msome leo kabla ya mazoezi maana usiku wa kuhesabu kura hakuna atakayekuwa na muda wa kusoma meseji. Nakala ya 34A, ile fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo, hubandikwa mlangoni mwa kituo ili kila mtu aione, sisi kazi yetu ni kuipiga picha vizuri, kisha watu wawili wanaisoma kila mmoja kivyake na kuingiza namba. Picha ikiwa na ukungu hao wawili wataanza kubahatisha, na hapo ndipo 1 inageuka 7 na 0 inageuka 6.

Kwanza pangusa lensi na shati, mikono yetu ina jasho na mafuta, hii peke yake inaokoa picha nyingi. Shika simu sambamba na karatasi, usiipige kwa chini ukiinua mikono, fomu ikiwa juu tafuta kiti. Pembe zote nne zionekane. Flashi zima kabisa, hasa kama wameweka nailoni juu, itamulika na kufuta namba zote za katikati. Giza likiwa limeingia mwenzako ashike tochi kwa upande, asisimame katikati akatupa kivuli.

Piga tatu: fomu nzima, halafu karibu kwenye kura za kila mgombea, halafu chini kwenye jumla, kura zilizokataliwa, sahihi za mawakala na mhuri. Hiyo ya pili ndio muhimu zaidi, tunajumlisha kura za wagombea tuone kama zinalingana na jumla ya kura halali, zisipolingana lazima tujue kama kosa ni la macho yetu au liko kwenye fomu yenyewe. Ukiona namba imekatwa na kuandikwa upya, piga hivyo hivyo na utuambie. Usiirekebishe, usiguse karatasi wala kuibandua.

Programu za kuskani zinazogeuza picha iwe nyeusi na nyeupe, achaneni nazo. Nakala nyingi ni za kaboni, wino umefifia, zile programu zinaufuta kama uchafu na unabaki na karatasi safi kabisa haha.

Shule moja inaweza kuwa na mikondo kadhaa, kila darasa na fomu yake, na zinafanana sana. Angalia namba ya kituo ya tarakimu 15 kwenye fomu, mbili za mwisho ndizo mkondo. Ipe picha jina hilo, mfano:

```
001001000100102_A.jpg
```

A ni fomu nzima, B kura, C chini.

Kabla hujatoka hapo mlangoni vuta picha kwa vidole, soma namba kwa sauti ukilinganisha na karatasi. Haisomeki, rudia. WhatsApp tumeni kwa `Document`, sio kama picha ya kawaida, inaibana. Mtandao ukisumbua usifute kitu kwenye simu, zitunze mpaka tukujibu "imefika". Pawabenki chajini leo usiku.