Mpango wa Warsha ya Siku Moja kwa Makocha wa Kujitolea: Kupanga Mazoezi na Kumjali Mtoto

Mpango huu ni wa wawezeshaji wawili. Usome wote kabla ya siku yenyewe, kisha tugawane sehemu.

Wanaokuja ni makocha 20 wa kujitolea. Hakuna hata mmoja aliyesomea ukocha. Wengi wanafundisha mpira wa miguu, wachache netiboli na riadha. Wanawapenda watoto na wanafika uwanjani kila wiki bila malipo, kwa hiyo tusiwaanzie na orodha ya makosa yao. Wanafundisha kama walivyofundishwa wao, yaani foleni ndefu, makelele, na mizunguko ya adhabu kuzunguka uwanja. Kazi yetu ni kuwafanya wauonje mtindo huo kwa miguu yao wenyewe, kisha wauonje mwingine.

Jioni tukimaliza, kila kocha awe na mpango wa mazoezi ya dakika 60 ulioandikwa kwa mkono wake, na, isipokuwa walinzi wanne wa vituo vya mchana, awe amejaribu kipande chake mbele ya watoto halisi. Mifumo ya uchezaji, 4-4-2 na ndugu zake, haimo kabisa. Atakayeiuliza ajibiwe kwa upole kwamba ina siku yake.

Saa 2:30 asubuhi: foleni

Msianze kwa hotuba. Wapange makocha wote 20 kwenye mstari mmoja, mpira mmoja, goli moja. Kila mtu anapiga shuti, anaufuata mpira, anarudi nyuma ya mstari. Mwezeshaji wa pili anashika saa. Zamu ikichukua sekunde 15, mstari mzima unazunguka kwa dakika 5. Ndani ya dakika 10 kila mtu amepiga mara mbili, yaani amefanya kazi sekunde 30 na kusimama dakika tisa na nusu. Wengine watakuwa wameshatoa simu. Nyamazeni, waacheni wachoke.

Halafu wagawe katika timu nne za watu watano, viwanja viwili vidogo, magoli ya koni, dakika 10 zilezile. Mwisho waulizeni swali moja tu: “Ungekuwa na miaka minane, ungerudi wiki ijayo kwa lipi?” Mjadala utakaofuata utawapeleka mbali kuliko maelezo yetu yoyote, kwa hiyo msiukate mapema.

Saa 3:30: ukurasa mmoja

Kila kocha apewe karatasi moja na kalamu. Mpango usioingia kwenye ukurasa mmoja hausomeki uwanjani jua likiwaka na watoto wakivuta shati.

Juu kabisa aandike lengo moja, kwa kitenzi kinachoonekana kwa macho. “Kuboresha pasi” halitoshi. “Mtoto anainua kichwa kabla ya kutoa pasi” linatosha, maana unaweza kusimama pembeni ukaliona. Hapa watahangaika, nasi tukae nao, meza kwa meza. Kocha akiandika malengo matatu, mwombe afute mawili.

Chini ya lengo aanze na mchezo wa mwisho, kisha arudi nyuma: mechi ndogo gani italazimisha kitendo hicho kitokee mara nyingi? Akishaijua, atafute zoezi la kuielekea. Muda ugawanywe hivi: dakika 10 za mchezo wa kupasha mwili, 15 za ujuzi, 25 za mechi ndogo, 5 za kupoa na kuzungumza, na 5 za maji, ambazo ni lazima ziandikwe, kwa sababu zisipoandikwa huliwa.

Kisha tuwavurugie mpango. Mwezeshaji apite akitangaza: wamekuja watoto tisa badala ya 16, mipira imebaki miwili, mmoja anatumia kiti cha magurudumu, nusu ya uwanja ina maji. Kila kocha arekebishe kwa kugusa moja kati ya vitu vinne: nafasi, kanuni, vifaa au watu. Zoezi likiwa gumu mno, panua nafasi. Likiwa rahisi, punguza miguso. Idadi ikiwa haigawanyiki sawa, mtoto mmoja achezee timu yenye mpira kila wakati. Kwangu mimi hiki ndicho kipande cha siku nzima. Kikihitaji dakika 20 za ziada, tuzitoe kwenye chai.

Saa 5:30: mtoto mwenyewe

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unataja haki ya kucheza katika kifungu cha 31, na haki ya kulindwa dhidi ya ukatili katika kifungu cha 19. Tuvitaje vyote viwili kwa pamoja, tusiende kusoma sheria.

Twende moja kwa moja kwenye mambo mawili wanayoyafanya bila kujua. La kwanza ni michezo ya “ukikosea, toka”. Anayetoka mapema ni yule dhaifu, yaani aliyehitaji mazoezi kuliko wote ndiye anayekaa. Waibadilishe: aliyekosea afanye kitendo kifupi, arudi. La pili ni kuadhibu kwa kukimbiza au kupigisha pushapu. Mtoto hujifunza kwamba kukimbia ni adhabu, kisha tunamshangaa anapochukia kukimbia. Tarajieni ubishi: “Sisi tulichapwa na tukawa watu.” Msishindane. Ulizeni ni wenzao wangapi waliacha mchezo.

Kanuni za usalama zisomwe kwa sauti, bila mjadala. Kocha hakai faragha na mtoto mmoja. Watu wazima wawe wawili, au waonekane na wengine. Ujumbe wa simu huenda kwa mzazi au mlezi. Ukihitaji kumgusa mtoto ili kumwelekeza, mwombe kwanza. Picha hazipigwi bila ridhaa. Mtoto akigonga kichwa na ukashuku mtikisiko wa ubongo, anatoka, harudi kucheza siku hiyo hata akisema yuko sawa, mzazi anajulishwa na mtoto anaonwa na mhudumu wa afya.

Mtoto akikueleza kwamba anaumizwa, msikilize, usimhoji, usimwahidi siri. Andika maneno yake kama alivyoyasema na umfikishie msimamizi wa ulinzi wa watoto siku hiyohiyo. Jina na namba ya msimamizi huyo vitabandikwa ukutani, na kila mmoja avinakili kabla ya chakula.

Saa 8:00 mchana: watoto

Wanakuja watoto 16 wa miaka 8 hadi 11, wakiwa na fomu za ridhaa za wazazi. Bila fomu, mtoto atazame na mzazi wake.

Vituo vinne, watoto wanne kila kimoja, makocha watano kila kimoja. Raundi ni nne za dakika 8. Kila raundi kocha mmoja anaongoza, wa pili anahesabu mara ambazo mtoto mmoja aliyemchagua anagusa mpira, wa tatu anahesabu sekunde ambazo kocha anaongea, wa nne anatazama tu nyuso. Wa tano hashiriki: ni mlinzi wa kituo, anatazama maji, majeraha na nani anaingia uwanjani. Mpeni nafasi hiyo yule mzoefu na msemaji sana. Baada ya kila raundi, dakika 3 za kusomeana namba watoto wanapokunywa maji.

Kabla hawajaondoka, watoto wajibu kwa kokoto: kila mtoto anatumbukiza yake kwenye ndoo ya kituo alichokipenda zaidi. Makocha wakae mbali, wasichunguze nani katumbukiza wapi.

Saa 9:30: kufunga

Kila kocha arekebishe ukurasa wake kwa namba alizopata. Nakala moja tunabaki nayo. Vyeti vitolewe hapa, si wakati wa chakula, la sivyo tutafunga na watu wanane.

Baada ya wiki tatu tutamtembelea kila mmoja uwanjani kwake, bila karatasi ya alama. Tutachagua mtoto mmoja, tuhesabu miguso yake kwa dakika 10, na tumwonyeshe kocha namba hiyo.