YAH: Maelezo kuhusu tofauti kati ya rejista ya mahudhurio ya Darasa la V B na majumuisho ya Muhula wa Kwanza 2024

Mwalimu wa Darasa la V B,
Kigoma.
14 Juni 2024

Mwalimu Mkuu,
Hapa shuleni.

K.K. Mwalimu wa Taaluma

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea barua yako ya tarehe 10 Juni inayonitaka nieleze kwa nini majumuisho ya muhula yanaonyesha mahudhurio ya asilimia 93 wakati rejista ya darasa langu, ukiihesabu ukurasa kwa ukurasa, haifiki hapo. Nimekaa na rejista siku tatu, nimehesabu upya mara mbili, na mara ya pili nilimwomba mwalimu wa V A anisomee huku mimi naandika. Jibu fupi ni kwamba rejista ndiyo iliyo karibu na ukweli na majumuisho ndiyo yaliyokosewa. Makosa mengi katika majumuisho hayo ni yangu, na saini iliyo chini yake ni yangu.

Chanzo ni namna nilivyopiga hesabu. Ijumaa ya kufunga shule, taarifa ikidaiwa kabla ya saa nane, sikujumlisha waliohudhuria. Nilichukua wanafunzi 61 wa mwezi Januari, nikazidisha kwa siku 94 za kalenda yetu, nikapata 5,734. Kisha nikatoa alama za utoro, ugonjwa na ruhusa nilizoziona, zikawa 401. Zikabaki 5,333, ambazo ndizo asilimia 93. Njia hiyo ni ya haraka, lakini ina ubaya mkubwa: kila kisichoandikwa kinageuka kuwa mahudhurio. Nafasi nyeupe inahesabiwa kuwa mtoto alikuwa darasani.

Na nafasi nyeupe zilikuwa nyingi. Mwezi Aprili hatukufundisha siku 5, siku 3 mvua ilipoingiza maji madarasani na siku 2 choo cha wavulana kilipotitia. Wewe mwenyewe ulituruhusu tuwarudishe watoto nyumbani, na kitabu cha matukio kina maandishi yako. Kwa hiyo siku halisi ni 89. Katika hesabu yangu, hata hivyo, watoto 61 walikuwa wamekaa kwenye madawati siku zote hizo tano. Hayo peke yake ni mahudhurio hewa 305.

Halafu kuna wale wanne waliohama. Ziwa lilipopanda, nyumba za upande wa Katonga zikaingiliwa na maji na wazazi wakaondoka. Wawili waliondoka mwisho wa Februari wakielekea Uvinza kwa ndugu, wawili mwisho wa Machi wakaenda Kasulu. Barua zao za uhamisho zimo kwenye faili na kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa PReM wameshahamishwa, ila mimi sikupiga mstari kwenye majina yao. Wakaendelea "kuhudhuria" kwangu siku 172 wakiwa wanasoma kwingine. Ukiondoa hizo pamoja na zile 305, mahudhurio yote yaliyowezekana si 5,734 bali ni 5,257.

Upande wa wasiohudhuria ndio ulioniumiza zaidi kuuandika. Badala ya 401, nimepata 841, na ongezeko hilo la 440 lina sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni siku 9 za Machi, tarehe 4 hadi 14, nilipokuwa hospitalini nikimuuguza mwanangu. Rejista ilikuwa kabatini na ufunguo nilikuwa nao mimi kwenye mkoba. Mwalimu wa kujitolea aliyenishikia darasa hakuwa na namna. Aliita majina kila asubuhi na kuandika kwenye karatasi za daftari la hesabu, akazibana kwa pini na kunikabidhi niliporudi. Nilizitia ndani ya jalada la rejista nikisema nitazihamisha jioni. Sikuzihamisha. Nimezikuta Jumanne wiki hii, zina doa la mafuta ya taa lakini zinasomeka vizuri, zikiwa na wasiohudhuria 131. Nasisitiza kwamba yeye hana kosa lolote katika jambo hili.

Sehemu ya pili ni Februari: jumla ya chini ya ukurasa ni 172, mimi nikaihamisha kama 127. Hizo ni 45.

Sehemu ya tatu ni nusu siku, na hapa naomba unisome kwa subira. Naita majina mara mbili, asubuhi na baada ya mapumziko ya saa nne. Katika muhula huu kuna nafasi 236 ambapo mtoto aliitika asubuhi na mchana hakuonekana, sawa na siku nzima 118. Katika majumuisho niliangalia alama ya asubuhi tu. Lakini Mwalimu, hao si watoro wa kujificha vichakani. Nusu ya darasa langu wanatoka nyumba zinazoishi kwa dagaa. Usiku wa giza wavuvi wanatoka na taa, alfajiri mitumbwi inarudi Kibirizi, na dagaa hawamsubiri mtu; jua likishapanda lazima wawe wameanikwa na kugeuzwa. Mama anampeleka mtoto shule asubuhi ili aonekane amekwenda, na saa nne anamtazamia mwaloni.

Rejista inaonyesha jambo hili waziwazi ukiiweka karibu na mwezi wa angani. Mwezi ulikuwa mchanga karibu na tarehe 9 Februari, 10 Machi, 8 Aprili na 8 Mei, na kila mara katika siku hizo wasiokuwepo wangu wanapanda. Wiki ya tarehe 6 hadi 10 Mei walikuwa kati ya 14 na 17 kila siku. Kisha tarehe 15 Mei uvuvi ukasitishwa ziwa zima kwa miezi mitatu. Kuanzia tarehe 20 hadi shule inafungwa, hakuna siku hata moja waliozidi 6. Sehemu ya wiki hizo ilikuwa mbalamwezi, kweli, ambapo wavuvi hupumzika hata bila katazo, lakini wiki ya mwisho giza lilikuwa linarudi na madawati yakabaki yamejaa. Majumuisho hayawezi kukuonyesha hilo. Ndiyo maana naomba sana rejista isiguswe.

Sehemu ya mwisho ni vitone vya penseli, na hapa sina uhakika kamili. Mtoto asiyeitika asubuhi huwa namwekea kitone cha penseli kwanza, nikingoja kama atachelewa, kisha mchana nakigeuza kuwa alama ya wino. Nimekuta vitone 146 ambavyo sikuvigeuza. Katika majumuisho sikuvihesabu kabisa; sasa nimevihesabu kuwa hawakuja. Wengine huenda walifika saa tatu, na siwezi kuapa kwa mtoto mmoja mmoja. Kwa hiyo mahudhurio ya V B ni 4,416 kati ya 5,257, yaani asilimia 84, na hata kama vitone vyote vingekuwa ni watoto waliochelewa, yasingezidi 4,562, yaani asilimia 86.8. Kwa vyovyote vile, 93 haipo.

Katika barua yako umependekeza rejista "ilinganishwe" na majumuisho kwa kuwa taarifa imeshafika kwa Afisa Elimu Kata. Naelewa uzito wa kurudisha taarifa iliyokwisha kupokelewa, na najua jina lako litatajwa pamoja na langu. Lakini kwa heshima zote siwezi kuweka alama za kuhudhuria kwa watoto ambao hawakuwepo. Rejista iliandikwa siku ile ile, mtoto akiwa mbele yangu au hayupo. Majumuisho niliyaandika kwa pupa nikitazama saa. Naomba tusahihishe hayo majumuisho.

Nikupe mfano wa mtoto mmoja ili uone kwa nini nang'ang'ania. Namba 23 katika rejista, msichana, kwenye majumuisho amehudhuria siku 88 kati ya 94. Hesabu halisi ni siku 66 kati ya 89: siku 6 zilizokuwa na alama, siku 6 za zile karatasi za Machi, nusu siku 16 ambazo ni siku 8, na vitone 3. Hiyo ni asilimia 74. Alikuwa akija Aprili na magamba ya dagaa yamemkaukia kwenye vifundo vya mikono, anaficha mikono chini ya dawati ili mwenzake asimnuse. Siku moja alisinzia kalamu ikiwa bado vidoleni, ikachora mstari mrefu mpaka ukingo wa daftari. Nilimwacha alale. Kwa majumuisho yale, mtoto huyu hana tatizo lolote, na hakuna mtu atakayekwenda kwao kuuliza.

Najua pia kwamba kaya yao inapokea ruzuku ya TASAF, na sharti la mahudhurio ni asilimia 80. Nikiandika ukweli, mama yake anaweza kukatwa fedha, na fedha hizo ndizo zilizonunua viatu alivyovaa Januari. Jambo hili limeninyima usingizi kuliko barua yako. Hata hivyo sioni kwamba kumwandikia siku ambazo hakuja ni kumsaidia. Ninachoomba ni fomu yake iende pamoja na maelezo ya shule, na kabla ya kwenda, mimi na wewe tumtembelee mama huyo tukiwa na mwenyekiti wa mtaa. Sasa hivi mwalo umefungwa hadi tarehe 15 Agosti, kwa hiyo ana nafasi ya kutusikiliza. Kuna kaya nyingine 5 za darasani kwangu zilizo chini ya 80 kwa hesabu mpya, na nimeziandika kwa namba za rejista kwenye karatasi ya pili.

Kwa upande wa kumbukumbu, nimeanza kufanya haya na naomba kibali chako kuyamaliza. Karatasi za Machi nitazihamishia kwenye rejista kwa wino mwekundu mbele ya mwalimu aliyeziandika, tutie saini wote wawili, na karatasi zenyewe zibaki zimebanwa pale pale. Majina manne ya waliohama nitayapiga mstari mmoja unaosomeka, na tarehe ya kuondoka kando. Jumla ya Februari vivyo hivyo, 127 ionekane chini ya mstari na 172 iandikwe juu yake. Vitone vya penseli nitaviacha kama vilivyo. Kuanzia muhula ujao nitajumlisha waliohudhuria kila Ijumaa, na ufunguo wa pili wa kabati utakaa ofisini kwako.

Naambatanisha hesabu mpya ya mwezi kwa mwezi, nakala za karatasi 9 za Machi, na rasimu ya barua ya masahihisho kwenda kwa Afisa Elimu Kata. Rasimu hiyo inasema kosa lilitokea kwa mwalimu wa darasa. Sikuona sababu ya kuandika vinginevyo. Ikiwa kuna hatua ya kinidhamu ninayostahili kwa kusaini nisichokihakiki, nitaipokea.

Nitakuwepo shuleni Jumatatu kuanzia saa moja na nusu, na rejista nitakuja nayo.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa Darasa la V B