Nyuzi 41

Televisheni ya sebuleni ilionyesha jua la manjano, na kando yake 41 na kiduara cha nyuzi, basi. Shangazi Rehema akasema, "Subhanallah," akafungua friza. Kijana wa watu anafanya kazi kwenye joto kama hilo! Akachukua chupa mbili za maji yaliyoganda, moja yake na moja ya Salim.

Alikuwa amefika Chicago usiku, mwezi wa Aprili. Ubaridi alioupata kati ya uwanja wa ndege na gari aliuhesabu kuwa wa usiku tu. Ndani ya fleti mabomba ya kupashia nyumba joto yalimfanya alale bila shuka, na asubuhi jua lilijaa dirishani. Akavaa gauni la pamba lisilo na mikono, viatu vya wazi na kofia pana, akateremka.

Mlango wa jengo ulipojifunga nyuma yake, upepo ulimwingia hadi mbavuni. Funguo anazo Salim, na simu yake ilikuwa bado haina laini ya huko. Wamekubaliana saa sita mchana, Millennium Park, chini ya lile sanamu la Cloud Gate. Akitafuta pa kujibanza, mtoto atamngoja na kuhangaika. Akaenda.

Kwenye jukwaa la treni ya juu kila mtu alikuwa na koti. Mama mmoja alimtazama miguu, akamsogelea na kusimama upande unaotoka upepo, bila neno, mpaka treni ikafika. Rehema hakumsahau mama yule. Michigan Avenue ilikuwa mbaya zaidi: upepo ulitoka ziwani moja kwa moja, na zile chupa ziligonga ubavu wake kila hatua.

Salim alimwona kwa mbali, akaja mbio huku anavua koti.

"Shikamoo shangazi! Nini hiki?"

"Marahaba. Nimekuletea maji." Meno yanagongana. "Wamesema 41."

"Ni farenhaiti, shangazi. Huku maji yanaganda kwenye 32, siyo sifuri. Toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9."

Rehema akahesabu midomo ikitetemeka. Tisa. Arubaini na tano. "Tano! Salim, nimetembea kwenye nyuzi tano na barafu mkononi?"

"Barafu yangu hiyo," Salim akasema, akaipokea chupa, akaibana kwapani kama kitu cha thamani. Akamvukisha barabara, wakaingia Chicago Cultural Center, ambako ni bure na kuna joto. Akapiga magoti amsugue miguu.

"Kesho je?" Rehema akauliza.

Salim akatazama simu. "Wanasema 68."

"Usiniambie." Akafumba macho. Thelathini na sita. Mia na themanini. "Ishirini. Kesho nitavaa gauni hilihili, ila koti lako nalichukua."